Usawazishaji wa maandishi: kwa nini 3 haisomwi "tatu" kila mahali

Usawazishaji wa maandishi ni hatua inayotangulia sauti. Kabla programu ya kusoma kwa sauti haijatamka chochote, kila kilichoandikwa kwa mkato, iwe tarakimu, tarehe, kifupisho au alama ya fedha, hugeuzwa kuwa maneno kamili. Sauti hutengenezwa kutokana na herufi, na tarakimu si herufi. Ukiiruka hatua hii, baadhi ya programu zitaisoma tarakimu kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Nyingine, hasa zile zilizofunzwa kwa herufi tupu, huidondosha alama zisiyoijua bila kutoa taarifa: umeandika "Watu 3 walifika", unasikia "Watu walifika". Kosa la pili ni baya zaidi, maana msikilizaji hana namna ya kujua kwamba kuna kitu kimepotea.

Wengi wanaoanza kazi hii huandika jedwali: 1 ni moja, 2 ni mbili, 3 ni tatu, kisha wanaendelea hadi milioni. Jedwali hilo lingetosha kama namba za Kiswahili zingekuwa na umbo moja. Hazina. Nyumba 3 ni nyumba tatu, lakini watu 3 ni watatu, vitabu 3 ni vitatu, miti 3 ni mitatu, matunda 3 ni matatu na mahali 3 ni patatu. Kwa hiyo tarakimu peke yake haitoshi kukuambia itamkwe vipi. Jibu liko kwenye nomino iliyo jirani yake.

Kinachopatanishwa ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki popote zinapokwenda, na makumi kama ishirini na thelathini vilevile. Katika namba ndefu, tarakimu ya mwisho tu ndiyo inayofuata nomino: watu 12 ni watu kumi na wawili, vitabu 248 ni vitabu mia mbili arobaini na vinane. Ile "mbili" ya mia mbili haiguswi, kwa sababu inahesabu mia, haihesabu vitabu.

Moja ina tabia yake. Hata nomino ikiwa katika wingi, moja ya mwisho hushika kiambishi cha umoja: vitabu 21 ni vitabu ishirini na kimoja, kamwe si "na vimoja", miti 21 ni miti ishirini na mmoja. Hapa ndipo msimbo mwingi hukosea, kwa kuwa aliyeuandika alichukua kiambishi cha wingi na kukibandika kila mahali. Kwa Python, sehemu ya tarakimu ya mwisho inaweza kuwa fupi hivi:

```python
UMOJA = {"wa": "mmoja", "mi": "mmoja", "vi": "kimoja", "pa": "pamoja"}
SHINA = {2: "wili", 3: "tatu", 4: "nne", 5: "tano", 8: "nane"}
KAWAIDA = {1: "moja", 2: "mbili", 6: "sita", 7: "saba", 9: "tisa"}

def tarakimu(d, ngeli):
    if d == 1:
        return UMOJA.get(ngeli, "moja")
    if d in SHINA and ngeli != "n":
        return ngeli + SHINA[d]
    return KAWAIDA.get(d) or SHINA[d]
```

Ukiita `tarakimu(8, "wa")` unapata wanane, na `tarakimu(2, "n")` inakupa mbili. Ugumu hauko kwenye msimbo huu. Uko kwenye kuijua ngeli.

Njia ya mkato inayomjia kila mtu ni kutazama mwanzo wa nomino: ikianza na "mi" mpe "mi", ikianza na "vi" mpe "vi". Jaribu kwa mita. Miti 3 ni miti mitatu, ila mita 3 ni mita tatu. Magari 3 ni matatu, mashine 3 ni tatu, mada 3 ni tatu. Kisha njoo kwa viumbe hai: viongozi 3 na vijana 3 wanaanza na "vi", lakini ni watatu. Ng'ombe, simba, samaki na askari hawana kiambishi chochote cha kukusaidia, nao wote huhesabiwa kama watu: samaki wanane, askari watano. Kwa hiyo kubahatisha kwa kiambishi kuwe kimbilio la mwisho. Kinachofanya kazi ni orodha ya nomino na ngeli zake. Kwa kazi ya kawaida haihitaji kuwa kubwa, maana vitu vinavyohesabiwa katika habari, matangazo au masomo hujirudia sana. Toa maandishi yako mwenyewe, chambua maneno yote yanayotangulia tarakimu, uyapange kwa wingi wa kutokea, kisha uyape ngeli kwa mkono kuanzia juu.

Umoja na wingi wa nomino nao hukupa dokezo zuri. "Vyumba 3" ni hesabu, hivyo vyumba vitatu. "Chumba 3" si hesabu, ni jina la chumba, kwa hiyo soma chumba namba tatu au chumba cha tatu. Nomino ya umoja ikifuatwa na namba inayozidi 1, usiipatanishe. Zile nomino ambazo umoja na wingi wake hufanana, kama nyumba na barabara, hazikusumbui sana: hesabu na namba ya utambulisho zote hutamkwa kwa umbo lilelile.

Kihusishi "-a" kikitangulia tarakimu moja kwa moja, mara nyingi mwandishi anataja nafasi katika mfuatano. Mtu wa 3 ni mtu wa tatu, si "wa watatu". Hapo upatanisho huzimwa, na ni 1 na 2 tu zinazobadilika: sura ya 1 ni ya kwanza, sura ya 2 ni ya pili. Sura ya 12 ni ya kumi na mbili. Lakini "mtoto wa miaka 3" haimo katika kundi hili, maana kati ya "wa" na tarakimu kuna miaka, nayo inataka mitatu.

Tarehe ni nyepesi zaidi. Siku ya 1 na ya 2 husomwa mosi na pili, nyingine hubaki kama zilivyo. Kwa Kiswahili siku hutangulia mwezi, basi 2/1/2025 ni tarehe pili mwezi wa kwanza mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Ikiwa maandishi yametoka kwenye programu inayotanguliza mwezi, dalili pekee ni namba ya katikati kuzidi 12. Ukiona 3/25/2025, usigeuze hiyo moja tu. Rudi ukague faili zima, kwa kuwa zile ambazo hazikujifichua zitakuwa zimesomwa kinyume.

Saa ndiyo mahali pa kuwa macho. Saa 2:45 asubuhi tayari imeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili na husomwa saa tatu kasorobo asubuhi. Lakini 08:45 bila neno "saa" wala "asubuhi" karibu yake huenda imetoka kwenye ratiba ya saa 24, na ni wakati uleule. Kanuni ninayoitumia ni hii: neno la kipindi cha siku likiwepo na saa isizidi 12, soma kama ilivyoandikwa. Likikosekana, na saa ikaanza na sifuri au kuzidi 12, ondoa sita, au ongeza sita pale usipoweza kuondoa, jibu likizidi 12 uondoe 12 tena, kisha ongeza kipindi: 20:00 inakuwa saa mbili usiku. Ukilazimisha ubadilishaji kwa kila nukta mbili unayokutana nayo, saa 2 asubuhi itageuka saa 8, na hakuna atakayejua hadi mtu achelewe.

Kwa fedha, Kiswahili kinakurahisishia: jina la sarafu hutangulia kiasi, kama alama inavyotangulia. $5 ni dola tano. Alama za `/=` na `/-` mwishoni hufutwa tu. Mpangilio hubadilika mahali pawili. Neno la ukubwa husogea mbele ya tarakimu, kwa hiyo "Sh 3.5 milioni" husomwa shilingi milioni tatu na nusu, au tatu nukta tano kama unataka usahihi wa hati. Na msimbo wa sarafu hugawanyika pande mbili za kiasi: "KES 400" ni shilingi mia nne za Kenya. Asilimia nayo hurukia mbele, 15% ikawa asilimia kumi na tano.

Kiasi kikubwa kinastahili neno laki. 105,000 ukiisoma "elfu mia moja na tano", masikio mengine yatasikia 100,005. Laki moja na elfu tano haina mashaka.

Vifupisho vishughulikiwe kabla ya tarakimu, kwani nukta zake huichanganya programu ikadhani sentensi imekwisha na kushusha sauti baada ya "Dk." au "Bw." Viwili vinahitaji uangalifu: "Na." yenye nukta mbele ya tarakimu ni namba, ilhali "Na" ya mwanzo wa sentensi ni kiunganishi, na "km 5" ni kilomita tano wakati "k.m." ni kwa mfano.

Tuchukue sentensi moja: "Tarehe 2/1/2025 saa 2:45 asubuhi, walimu 12 na vijana 8 walipanda miti 1,241 kwa Sh 3.5 milioni, sawa na 15% ya bajeti." Tarehe, saa na fedha zinatolewa kwanza ili tarakimu zake zisiguswe na kanuni ya hesabu. Asilimia inafuata. Zinabaki namba tatu tupu, kila moja na nomino yake: walimu, vijana, miti. Matokeo yake ni: Tarehe pili mwezi wa kwanza mwaka elfu mbili na ishirini na tano, saa tatu kasorobo asubuhi, walimu kumi na wawili na vijana wanane walipanda miti elfu moja mia mbili arobaini na mmoja kwa shilingi milioni tatu na nusu, sawa na asilimia kumi na tano ya bajeti. Ukisikia "vijana vinane", orodha yako haina vijana. Ukisikia "miti arobaini na moja", jedwali la umoja halijaguswa.

Kagua kwa macho kabla ya masikio: chapisha maandishi yaliyosawazishwa uyasome, kwa sababu sauti ikishakuwa laini makosa haya hupita kirahisi. Kisha tafuta kama kuna tarakimu yoyote iliyosalia. Ikiwepo hata moja, kuna muundo hukuutarajia.

Kuna sentensi ambazo kanuni haitazimaliza. "Walimu wa shule 3" yaweza kuwa walimu wa shule tatu, wasiojulikana idadi, au walimu wa shule watatu. Mwandishi alijificha nyuma ya tarakimu, na msomaji wa kimya hakulazimika kuchagua, sauti inalazimika. Muundo wa nomino, kihusishi, nomino, kisha tarakimu uwekewe alama utazamwe na mtu, na jibu liandikwe kwa maneno ndani ya maandishi yenyewe.