Video moja, vichwa viwili

"Ndugu wa Muscat na London hawataipata video yangu nisipopakia nakala ya pili yenye kichwa cha Kiingereza."

Nakala ya pili hugawa watazamaji na maoni bure. Kwenye YouTube Studio, taja lugha ya kichwa cha asili, kisha ongeza Kiingereza na uandike kichwa na maelezo yake. Kiungo ni kilekile.

Kichwa kinachoonekana hutegemea sana lugha aliyochagua mtazamaji. Shangazi wa Muscat anayetumia Kiswahili atasoma "Biriani ya Zanzibar". Mpwa wa London anayetumia Kiingereza ataona tafsiri, hata kama Kiswahili anakimudu. Kwa hiyo tafsiri itaje kwamba mpishi anazungumza Kiswahili, maana kutafsiri kichwa hakubadilishi sauti. Kuhakiki, badili lugha kwenye menyu ya akaunti, ufungue video upya.