Kutoka kibanda cha nafaka hadi usimamizi wa duka: namna ya kuandika uzoefu wako kwenye wasifu

Wafanyabiashara wa sokoni wanaoomba kazi ya usimamizi wa duka hukwama kwenye sehemu ileile ya wasifu: uzoefu wa kazi. Wengi huandika "nimejiajiri" au "biashara ndogondogo", wakaweka mwaka, basi. Wengine huiacha wazi kabisa kwa kuwa hawajawahi kuwa na mkataba wala bosi. Anayechambua maombi hawezi kujua kilichomo ndani ya maneno hayo. Huliweka ombi pembeni na kuchukua la mtu aliyekaa kaunta miezi minane katika duka lenye jina, ingawa huenda mtu huyo hajawahi kuagiza hata katoni moja ya bidhaa kwa uamuzi wake.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nafaka Soko la Mgandini, hapa Tanga. Ana kibanda tangu 2019: mchele, maharage, unga, sukari na mafuta ya kupima. Anasaidiwa na vijana wawili. Ameona tangazo la msimamizi wa zamu katika supamaketi. Wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili, anayeweza kusimamia wahudumu, kudhibiti bidhaa, kuhakiki makusanyo ya siku na kushughulikia malalamiko ya wateja.

Kabla ya kuandika chochote, achukue kalamu apige mstari chini ya vitenzi vya tangazo: kusimamia, kudhibiti, kuhakiki, kushughulikia. Hayo ndiyo maneno ambayo msomaji atayatafuta kwenye kila ombi lililo mezani, kwa hiyo wasifu uyatumie hayohayo. Kisha kwa kila kitenzi ajiulize: hili nimelifanya lini, kwa njia gani, na kikatokea nini?

Tuanze na kudhibiti bidhaa, maana hapa ndipo watu wa sokoni wana mengi kuliko wanavyodhani. Mama wetu kila Jumapili jioni hupima mchele uliobaki. Tuseme wiki ilianza na kilo 60, akaongeza magunia manne ya kilo 100, akawa na kilo 460. Daftari la mauzo linaonyesha zimeuzwa kilo 412, kwa hiyo zilipaswa kubaki 48. Mizani inasoma 42. Kilo sita zimepotea, kama asilimia moja na nusu ya alichouza. Anatafuta chanzo: gunia lililokuja pungufu kutoka kwa muuzaji wa jumla, vipimo vya kujaza hadi kumwagika, au mkono wa mtu. Supamaketi hufanya hesabu hiyohiyo kila inapohesabu bidhaa: kilichokuwepo, ongeza kilichoingia, toa kilichouzwa, linganisha na kilichopo rafu na stoo. Basi kwenye wasifu asiandike "niliuza mchele". Aandike: "Nilihesabu bidhaa kila wiki, nikalinganisha na kumbukumbu za mauzo, na kufuatilia chanzo cha upotevu." Kama daftari linaonyesha kwamba upotevu wa mchele ulishuka kutoka kilo 10 kwa wiki hadi sita baada ya kuanza kupima kila gunia linaposhushwa, aongeze sentensi hiyo pamoja na tarakimu zake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uzoefu nao ni hivyohivyo. Asiye na daftari asibuni asilimia. Aandike anachoweza kukithibitisha kwa njia nyingine: magunia mangapi kwa wiki, aina ngapi za bidhaa, wasaidizi wangapi. Jumbe za malipo kwenye simu na risiti za muuzaji wa jumla zinaweza kumsaidia kukumbuka viwango hivyo. Tarakimu ndogo ya kweli inamtosha, kwa sababu kwenye usaili ataulizwa ameipataje.

Kusimamia wahudumu nako kuna mambo ya kusema. "Nilikuwa na vijana wawili" haimwambii msomaji lolote. Nani alipanga yupi afungue saa 12 asubuhi na yupi abaki hadi kufunga? Nani aliwafundisha kusoma mizani na kurudisha chenji? Kibanda hiki kiliwahi kupata hasara kwa sababu ya mteja aliyeonyesha ujumbe wa malipo wa kughushi kwenye simu yake, na kijana akampa mzigo. Tangu siku hiyo kanuni ni kwamba mzigo hautoki mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya kibanda yenyewe. Hilo ni tukio la kuandikwa, maana linaonyesha mtu aliyeona pengo, akaweka utaratibu na kuwafundisha walio chini yake: "Nilipanga zamu za wasaidizi wawili, nikawafundisha kupima na kupokea fedha, na kuweka utaratibu wa kuthibitisha malipo ya simu kabla ya kutoa bidhaa."

Kuhakiki makusanyo ni kazi ya kila jioni: fedha taslimu pamoja na za lipa namba, ongeza malipo ya mchukuzi na ushuru yaliyotoka mfukoni mwa kibanda, toa chenji ya kuanzia, kisha linganisha na mauzo ya daftarini. Sentensi moja inatosha.

Kuhusu wateja, nawashauri msiweke ustadi wa kupatana bei mbele. Sokoni ni kipaji kikubwa, lakini supamaketi ina bei ya kubandikwa na msimamizi hana ruhusa ya kuipunguza kwa hiari yake. Wanachotaka kujua ni unafanya nini mteja anaporudi na unga wenye wadudu: unampokeaje, unaubadilisha au unarudisha fedha, na mzigo uliobaki unautenga wapi ili asiuziwe mwingine. Vivyo hivyo, mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa muuzaji wa jumla na kulipa baadaye, iandike pale tu tangazo linapotaja kushughulika na wasambazaji.

Cheo nacho kina mipaka yake. Asijiite meneja. "Mmiliki na msimamizi, kibanda cha nafaka, Soko la Mgandini, Tanga, 2019 hadi sasa" ni kweli na inaeleweka. Kama tangazo linataka mtu aliyewahi kutumia mashine ya kusoma lebo za bidhaa au mfumo wa stoo wa kompyuta, naye hajaugusa, asiuweke. Na pale cheti cha kiwango fulani ni sharti, sentensi nzuri haitaziba nafasi ya cheti. Hapo ni afadhali aelekeze nguvu kwenye nafasi ya muuzaji au mtunza stoo katika duka hilohilo.

Matangazo mengi ya kazi hizi huandikwa kwa Kiingereza. Andika kwanza kwa Kiswahili mpaka kila sentensi iwe ya kweli, ndipo uihamishie kwenye lugha ya tangazo, na umpe mtu anayeijua vizuri aipitie. Ukianza na Kiingereza cha kunakili utajikuta na maneno mazito ambayo huwezi kuyaeleza ukiulizwa.

Wadhamini ndilo eneo wengi hulipuuza. Kwa kuwa hakuna mwajiri wa kupigiwa simu, weka muuzaji wa jumla unayechukua mzigo kwake na kiongozi wa soko anayekufahamu. Ndugu wa familia hawafai. Waombe ruhusa kwanza, kisha wasomee ulichoandika. Muuzaji wa jumla akipigiwa simu na kuulizwa "huyu alikuwa anachukua magunia mangapi kwa wiki?", jibu lake na wasifu wako vinapaswa kukutana.