Kukadiria wastani wa uzito wa pweza kutoka kwenye picha ya histogramu

Juzi jioni dada mmoja ninayefanya naye kazi ya takwimu za uvuvi alinitumia picha aliyoipiga kwa simu kwenye diko moja la pwani ya kusini. Ubaoni palibandikwa histogramu ya uzito wa pweza walioshushwa mwezi ule. Namba za mhimili wa wima zilikuwa zimefichwa na fremu ya ubao. "Kaka, daftari la mizani limeshaondoka, nami nahitaji wastani kabla ya kesho. Inawezekana?"

Inawezekana, na zile namba zilizofichika hazizuii kitu. Kwa data iliyopangwa kwa makundi, tunazidisha nukta ya kati ya kila kundi kwa marudio yake, tunajumlisha, kisha tunagawa kwa jumla ya marudio. Marudio yako juu na chini ya mgawanyo. Kama kila pweza alichorwa kwa pikseli 3 au kwa pikseli 5, hiyo 3 au 5 inajifuta yenyewe. Ninachohitaji ni uwiano wa nguzo, basi. Masharti ni mawili: makundi yawe na upana sawa, na mstari wa chini uwe sifuri kweli. Mchoro ulioanzia 10 badala ya 0 unazifupisha nguzo fupi kupita kiasi, na hapo bila namba za wima huna la kufanya.

Nilifungua picha kwenye programu ya GIMP, ambayo inaonyesha mahali kishale kilipo kwa pikseli. Kabla ya kupima nguzo hata moja nilipima fremu ya mchoro: umbali kutoka mstari wa chini hadi mstari wa juu. Kushoto, kwenye nguzo ya kwanza, ulikuwa pikseli 340. Kulia, kwenye nguzo ya mwisho, 306. Mpigapicha alisimama upande wa kushoto wa ubao, kwa hiyo upande wa kulia ulikuwa mbali zaidi na kamera ukasinyaa. Hili ni kosa lisiloonekana kwa macho, na madhara yake yanaelekea upande mmoja: pweza wakubwa, walioko kulia, wanaonekana wachache kuliko walivyo.

Dawa yake ni kuipima kila nguzo kwa fremu ya hapohapo ilipo. Nguzo ya mwisho ilisomeka pikseli 20, nikazidisha kwa 340 na kugawa kwa 306, nikapata 22. Nilifanya hivyo kwa nguzo zote saba, nikapata 42, 153, 218, 132, 78, 41 na 22. Jumla ni 686.

Sasa namba za chini, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Chini ya nguzo, katikati kabisa, ziliandikwa 500, 750, 1000, 1250, 1500, 1750 na 2000. Ukiziona hivyo mkono unakwenda wenyewe kuzichukua kama nukta za kati. Lakini mwishoni kabisa, pasipo na nguzo, paliandikwa neno `More`, na nguzo zote zilikuwa zimeachana kidogo. Hiyo ni sura ya histogramu inayotolewa na zana ya uchambuzi ya Excel, na katika zana hiyo namba iliyo chini ya nguzo ni mpaka wa juu wa kundi. Nguzo yenye 750 inabeba pweza waliozidi gramu 500 hadi kufika 750. Nukta yake ya kati ni 625.

Basi nukta zangu ni 375, 625, 875, 1125, 1375, 1625 na 1875. Kwa mkono ni rahisi kutumia wastani wa kudhania: nikaweka 875 kama kituo na kuhesabu hatua za gramu 250 kwenda kila upande, yaani −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4. Nikizizidisha kwa urefu wa nguzo napata −84, −153, 0, 132, 156, 123 na 88, jumla 262. Kugawa kwa 686 ni 0.382, mara 250 ni 95.5. Wastani ni 875 + 95.5, yaani takriban gramu 970. Mwenye jedwali la kompyuta aweke nukta safu ya A na urefu safu ya B:

```
=SUMPRODUCT(A2:A8,B2:B8)/SUM(B2:B8)
```

Kama ningechukua zile namba za chini kuwa nukta za kati, ningepata 1095. Gramu 125 zimeongezeka, nusu ya upana wa kundi, kwa kutosoma neno moja. Kusinyaa kwa picha, ambako kulinitia wasiwasi mwanzoni, kungeushusha wastani kwa gramu kama 9 tu.

Watu wengi hutumia nguvu nyingi kwenye nguzo ndefu kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Hesabu inasema kinyume. Kosa la kusoma nguzo linauhamisha wastani kulingana na umbali wa nguzo hiyo kutoka kwenye wastani wenyewe. Nikiikosea nguzo ndefu ya 875 kwa pikseli 5, wastani unasogea kwa chini ya gramu moja. Nikiikosea ile fupi ya mwisho kwa pikseli hizohizo 5, unasogea kwa gramu 6 au 7. Kwa hiyo picha huivuta na kuikuza kwenye ncha, na kila nguzo ya ncha naipima mara tatu.

Halafu kuna kosa ambalo kipimo chochote hakiliondoi: hatujui pweza wamekaaje ndani ya kundi. Wakiwa wote kwenye mpaka wa chini, wastani unakuwa karibu 845. Wakiwa wote kwenye mpaka wa juu, 1095. Ukweli hauwezi kutoka nje ya hapo, mradi kila kundi lina mipaka miwili. Kwa kawaida unakuwa karibu sana na katikati, kwa sababu upande ambao nguzo zinapanda pweza huegemea kulia ndani ya kundi, na upande zinakoshuka huegemea kushoto, hivyo makosa yanafidiana. Ningeogopa zaidi kama nguzo ya kwanza kabisa ndiyo ingekuwa ndefu kuliko zote, maana hapo hakuna upande wa kupanda wa kufidia.

Kundi la kwanza ndilo lililobaki na utata. Katika zana ile halina mpaka wa chini. Linameza kila pweza wa gramu 500 kushuka. Ile 375 ni dhana yangu. Kama wastani wao halisi ni 300, wastani wa pweza wote unashuka kwa gramu 5 hivi, kwa hiyo dhana hiyo hainisumbui kwa upande wa wastani. Inanisumbua kwa jambo jingine. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na nguzo hii ni 42 kati ya 686, kama asilimia 6 ya waliopimwa. Lakini pweza wa gramu 500 kamili naye amehesabiwa humo, na mizani ya diko husomwa kwa namba zilizokadiriwa.

Nikamjibu: "Dada, andika gramu 970, na pembeni weka kwamba ni makadirio kutoka kwenye makundi ya gramu 250. Hao asilimia 6 usiwaandike kuwa ni wa chini ya kiwango mpaka daftari lirudi."