Wosia si mpango wa urithishanaji madaraka

Katika mazungumzo ya biashara za familia kuna sentensi inayorudiwa kila mara: "Sisi urithishanaji tumeshamaliza, mzee ameandika wosia." Wengine husema hivyo hivyo baada ya mzee kumtambulisha kijana wake mkubwa kwa wafanyakazi kama bosi ajaye.

Mpango wa urithishanaji madaraka ni kazi ya kujua ni nafasi zipi zikibaki wazi kampuni inakwama, kutafuta ndani ya kampuni watu wanaoweza kuzishika, kisha kuwaandaa kabla aliyepo hajaondoka. Basi. Neno lenyewe Watanzania wengi wamelizoea kutoka utumishi wa umma, ambako hakuna anayedhani mkurugenzi akistaafu kiti kinakwenda kwa mwanawe. Likifika kwenye kampuni ya familia ndipo linachanganywa na mirathi, kwa sababu mwenye mali na mwenye kiti ni mtu mmoja.

Mirathi inagawa mali, na kwa kampuni mali hiyo ni hisa. Tuseme mzee Mwislamu ana kinu cha kusaga sembe Dodoma, na hisa zote 800 ni zake. Anafariki, wazazi wake hawapo, anaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa mgawo wa Kiislamu mke anapata thumni, hisa 100. Zinazobaki 700 zinagawiwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: kila binti hisa 100, kila kijana 200. Hakuna hata mmoja mwenye nusu. Wosia nao hauwezi kubadili hilo kwa kumpendelea mrithi mmoja, maana wosia unaishia kwenye theluthi, na tena kwa wasiokuwa warithi, labda warithi wenzake waridhie.

Sasa angalia kinachotokea kinuni. Ukurugenzi haumo kwenye mirathi. Mkurugenzi akifariki nafasi yake inakuwa wazi, na anayefuata huteuliwa kwa utaratibu wa katiba ya kampuni. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka wakurugenzi wasiopungua wawili, na wa pili mara nyingi ni mama, aliyeandikwa ili kutimiza idadi. Hisa ziko chini ya msimamizi wa mirathi, lakini kwa katiba za kampuni nyingi hawezi kuzipigia kura mkutanoni mpaka aandikishwe kuwa mwanahisa. Benki nayo inasubiri watia saini wapya. Haya yote yanaweza kuangukia mwezi Juni, mahindi yanapomiminika soko la Kibaigwa na mwenye fedha mkononi ndiye anayenunua.

Wosia ulioandikwa vizuri kabisa haujibu swali la nani atanunua mahindi. Na hapo ndipo mpango wenyewe unapoanzia: kwenye nafasi, si kwenye watoto. Familia nyingi hufikiria kiti kimoja tu, cha mkurugenzi mkuu. Kipimo kizuri ni kujiuliza, kwa kila mtu mzito kazini, asipoonekana wiki sita na simu imezimwa nini kitasimama? Kwa kinu chetu jibu litatoa watu watatu: mzee mwenyewe, fundi mkuu wa mitambo, na mnunuzi wa mahindi. Mhasibu, kwa heshima zote, anaweza kuazimwa kutoka nje kwa mwezi mmoja.

Mnunuzi ndiye anayesahaulika, kwa hiyo nitakaa kwake. Anajua dalali yupi anachanganya mahindi ya mwaka jana na mapya, mkulima yupi atakopesha gunia mia kwa neno tu, na lori lipi lirudishwe. Kipimo cha unyevu anacho, na kiwango cha Afrika Mashariki kinasema usizidi asilimia 13.5, lakini mara nyingi ameshajua kwa kuuma punje kabla hajakiwasha. Akiondoka, mahindi mabichi yanaingia ghalani, yanaota ukungu, na hasara inaonekana miezi mitatu baadaye.

Wanaoweza kumrithi ni wawili. Mmoja ni kijana wa pili wa mzee, ana shahada ya biashara. Mwingine ni msimamizi wa ghala, si ndugu, ana miaka mingi akipokea malori hayo hayo. Kuwaandaa hakupimwi kwa idadi ya semina. Msimu wa mahindi unakuja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo maandalizi yanahesabika kwa misimu. Msimu wa kwanza wanafuatana na mnunuzi sokoni na kuandika kila alichokataa na sababu yake. Wa pili kila mmoja anapewa fungu lake la fedha na eneo lake, tuseme sehemu ya kumi ya manunuzi yote. Wa tatu mmoja ananunua mahindi yote, mnunuzi mkuu akiwa nyuma. Mwishoni unalinganisha bei waliyolipa kwa gunia, malori yaliyofika yakarudishwa kwa unyevu, na kilo za sembe zilizotoka kwa kila gunia lao. Takwimu hizo zinampa mzee njia ya kumwambia mwanawe "bado" bila kuzua ugomvi wa nyumbani.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni mzee mwenyewe. Anateua mtu, halafu hampi saini. Mrithi akikataa lori, dalali anampigia mzee, na lori linaingia. Dalili iko wazi: wafanyakazi wakipewa agizo na huyo mteule bado wanauliza, "Mzee amesemaje?" Dalili nyingine ni mteule ambaye hajawahi kufanya kosa la kugharimu chochote, maana yake hajawahi kuachiwa uamuzi.

La pili ni kumficha asiye ndugu ukweli. Kama kiti cha juu ni cha familia tu, msimamizi wa ghala aambiwe leo, aonyeshwe nafasi ya ununuzi na mshahara wake. Akiachwa aote, siku ndoto ikivunjika atahamia kinu cha jirani, na wakulima aliowazoea watamfuata.

Toyota inaonyesha jinsi jina na kiti vinavyoweza kuachana. Kati ya 1995 na 2009 iliongozwa na marais watatu wasio wa ukoo wa Toyoda. Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, aliingia kazini 1984 akapata urais 2009, miaka 25 baadaye. Mwaka 2023 alimkabidhi Koji Sato, mhandisi aliyeajiriwa hapo tangu 1992, yeye akawa mwenyekiti. Ni kweli kwamba Toyota iko soko la hisa na familia ina sehemu ndogo tu, kwa hiyo kinu cha Dodoma hakiwezi kunakili kila kitu.

Kwa hiyo mzee aliyeandika wosia asibezwe, amefanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Ila aseme amepanga mirathi yake. Na aliyemtambulisha kijana mbele ya wafanyakazi aseme amemtaja mrithi mmoja wa kiti kimoja. Fundi mkuu na mnunuzi bado hawana wa kuwapokea.