Ukiandika "kujitolea" kwenye tangazo la kazi ya msikiti au kanisa, sheria bado inakuona mwajiri

Malalamiko haya yamezidi kutufikia kwenye ofisi za kazi, kwa hiyo tuseme wazi. Tangazo linabandikwa ubaoni, "anahitajika msimamizi wa msikiti, mcha Mungu, mwenye moyo wa kujitolea, atapewa posho", ya makanisa nayo ni hivyo hivyo, kinachobadilika ni "awe ameokoka". Halafu huyo msimamizi anafungua ofisi saa mbili asubuhi, anaandika stakabadhi, anasimamia walinzi na mfagizi, anapeleka hela benki, na kila mwezi anachukua laki nne. Jamani, huyo ni mwajiriwa!

Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania Bara ya 2004, kifungu cha 61, haiangalii jina mlilompa. Mtu akifanya kazi kwa maelekezo yenu, au akiwa amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa ni mwajiriwa mpaka nyie mthibitishe vinginevyo, na kusema "alikubali mwenyewe mbele ya kamati" hakuthibitishi kitu. Maana yake apewe maelezo ya ajira kwa maandishi na apelekewe michango NSSF: kwa hiyo laki nne mchango ni asilimia 20, yaani 80,000, na mnaruhusiwa kumkata isiyozidi nusu, 40,000. Sio mumkate yote, tumeshaona.

Kuhusu dini, hapana, hatuwazuii kutaka muumini wenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza ubaguzi wa dini, ila inaruhusu sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Kama anaandaa ratiba za ibada na kufundisha madrasa inaeleweka. Kama ni kutunza vitabu vya hesabu tu, jiandaeni kueleza kwa nini, na kigezo cha "asiwe mjamzito" hakina maelezo kabisa.

Shida kubwa iko kwenye mwenendo. "Awe na maadili mema" haipimiki. Andikeni hivi: sadaka ihesabiwe na watu wawili, wasaini siku hiyo hiyo, iende benki siku ya kazi inayofuata, asikopeshe mtu hela ya mfuko, asitoe siri za waumini waliokuja kuomba msaada. Siku mkikuta boksi limehesabiwa na mtu mmoja mna kanuni iliyovunjwa, sio minong'ono. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotungwa chini ya Sheria hiyo ya Ajira, zinataka kanuni ya kazini iwe wazi na mfanyakazi awe anaijua, na hata hapo mpeni barua ya tuhuma na nafasi ya kujitetea kwanza. Kumtangaza mimbarani au madhabahuni kwamba "hayupo tena nasi" sio utaratibu wa kumwachisha mtu kazi.

Na wewe uliyeachishwa, una siku 30 kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba CMA F.1. Kikao cha wazee hakisimamishi hizo siku. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda, na sababu ya "tulikuwa tunasuluhishwa na shehe" haipiti kirahisi.