Namba ya kigunduzi ni mwanzo wa mazungumzo, si ushahidi

Wahadhiri wenzangu hapa Zanzibar wameniuliza mara nyingi wafanye nini pale kigunduzi cha maandishi ya akili mnemba kinapoonesha kwamba ripoti ya mwanafunzi ni "asilimia 72". Jibu langu huanzia kwenye maana ya namba yenyewe, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kuisoma vibaya. Katika programu kama Turnitin, asilimia hiyo ni sehemu ya matini ambayo programu inakisia kuwa imetungwa na mashine. Haisemi kwamba upo uwezekano wa asilimia 72 kuwa mwanafunzi amedanganya, wala haifanani na asilimia ya ufanano tuliyoizoea, ambayo humwonesha msomaji chanzo kilichonakiliwa ili aende akalinganishe mwenyewe. Kigunduzi hakina chanzo cha kuonesha. Kinapima namna maneno yanavyofuatana: sentensi zinazotabirika, zenye urefu unaokaribiana na msamiati wa kawaida, hukifanya kishuku.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoumia. Wengi wao huwaza na kuzungumza kwa Kiswahili, kisha huandika ripoti kwa Kiingereza walichojifunza darasani, na Kiingereza cha darasani ni cha sentensi salama na maneno machache yaliyozoeleka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilitambuliwa karibu zote kuwa za binadamu. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, kampuni ya OpenAI, ambayo ndiyo iliyotengeneza ChatGPT, ilikiondoa kigunduzi chake yenyewe kwa sababu ya usahihi mdogo. Vigunduzi vimebadilika tangu wakati huo, lakini bado vinakisia tu, na haifai kudhani kwamba udhaifu huo umeondoka.

Hata kigunduzi kizuri kina hesabu yake. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 200, ambamo 20 wameandikiwa kazi na mashine na 180 wameandika wenyewe. Tuseme kigunduzi kinawanasa wanane katika kila kumi wa kundi la kwanza, na kinakosea kwa watano tu katika kila mia wa kundi la pili. Kitawataja 16 wenye kosa na tisa wasio na kosa. Mhadhiri atakuwa na majina 25 mezani, na zaidi ya theluthi moja ya majina hayo ni ya watu waliofanya kazi yao kwa jasho lao, bila ya alama yoyote inayowatenganisha na wengine. Kinachoweza kuwatenganisha ni mazungumzo yaliyoandaliwa vizuri.

Nieleze kisa kimoja nilichokisimamia. Mwanafunzi kutoka Pemba alileta ripoti kuhusu kipato cha wanawake wanaolima mwani kijijini Tumbe. Kigunduzi kilitia rangi karibu sura yote ya mbinu za utafiti na sehemu kubwa ya utangulizi, lakini sura ya matokeo, yenye maneno ya wakulima wenyewe, ilibaki nyeupe. Kabla ya kumwita nilifanya mambo mawili. Kwanza nilisoma ripoti nzima bila ya kuangalia rangi, nikiandika pembeni maswali ambayo ningemuuliza mwanafunzi yeyote. Pili nilikagua marejeleo moja baada ya jingine, kwa sababu mashine inapotunga huweza kubuni makala ambazo hazipo, na rejeleo lisilokuwepo ni jambo linaloweza kuthibitishwa na mtu yeyote. Marejeleo yake yote yalikuwepo. Sikuipitisha ripoti kwenye vigunduzi vingine vya bure mtandaoni. Kazi ya mwanafunzi si yangu kuisambaza, na makisio matatu yanayotegemea kipimo kilekile hayawi mashahidi watatu.

Ujumbe wa kumwita ni jambo la kuangalia sana. Sikuandika neno "udanganyifu" wala sikutaja asilimia; niliandika kwamba nataka anieleze namna alivyoiandaa ripoti yake, aje na daftari na rasimu alizonazo, na kwamba anaweza kufuatana na mwenzake. Nilimpa siku tatu. Mtu anayeitwa leo kwa leo hufika akitetemeka, na mtu anayetetemeka husahau hata yale aliyoyaandika mwenyewe.

Alipokaa nilimwambia azungumze kwa Kiswahili. Ninalisisitiza hili kwa wenzangu, kwa sababu mwanafunzi anayekwama kuelezea kazi yake kwa Kiingereza huonekana kama hajui kilichomo, kumbe anachokosa ni lugha tu. Swali langu la kwanza lilihusu sentensi moja iliyotiwa rangi, iliyosema kwamba mahojiano yalifanyika kwa awamu mbili. Nilimuuliza kwa nini awamu mbili.

"Mwalimu, wakati wa bamvua wote wako pwani tangu maji yanapoanza kupwa, na wakirudi wamechoka," alisema. "Nikawangoja maji mafu, ndipo nikawapata majumbani."

Alifungua daftari, na tarehe za mahojiano zilikuwa zimejikusanya katika mafungu mawili yenye wiki moja katikati, kama alivyosema. Hilo halikuwemo kwenye ripoti, na ni mtu aliyekwenda Tumbe tu ndiye angeliweza kulieleza hivyo.

Lilibaki jambo moja lililonitia shaka. Katika hati yake ya Google Docs, chini ya `Version history`, sura ya mbinu iliingia yote kwa mara moja badala ya kukua aya kwa aya. Nilimuonesha, nikamuuliza bila ya kupandisha sauti. Akatoa simu na kunionesha rasimu ya Kiswahili ya sura hiyo, aliyoiandika wiki mbili kabla, kisha akakiri kwamba aliitafsiri kwa programu ya kutafsiri na kuibandika. Kigunduzi hakikukosea kuona mkono wa mashine. Kilichokuwa hakiwezi kukijua ni kwamba mawazo, mpangilio na taarifa vilikuwa vya mwanafunzi.

Je, lilikuwa kosa? Maelekezo ya kozi yalikataza kutungiwa kazi na mashine, lakini hayakusema lolote kuhusu kutafsiri. Nisingeweza kumuadhibu kwa kanuni isiyoandikwa. Nilimtaka aongeze sentensi moja ya kueleza kwamba sura ile ilitafsiriwa kwa programu, ripoti ikasahihishwa kwa vigezo vilevile vya wenzake, na muhula uliofuata maelekezo yakaongezwa kifungu kinachohusu tafsiri.

Mazungumzo mengine huishia kwingine. Zipo ripoti ambazo mwenyewe hawezi kueleza jedwali lake hata kwa Kiswahili, hana daftari wala rasimu, na marejeleo yake manne hayapatikani popote. Hapo suala hupelekwa kwenye kamati, na kinachoandikwa kwenye barua ni marejeleo hayo manne, jedwali na majibu yake, ambavyo mwanafunzi anaweza kuviona na kuvijibu. Asilimia ya kigunduzi hutajwa, ikibidi, kama sababu ya kuanza kusoma kwa makini tu.

Baada ya kila mazungumzo huandika nusu ukurasa wa yaliyoulizwa na yaliyojibiwa, mwanafunzi akausoma, akasahihisha palipokosewa, na sote wawili tukatia saini. Shaka ikiwa haikupata ushahidi mwingine, karatasi hiyo husema wazi kwamba suala limefungwa, na alama hazipunguzwi hata moja.