Je, wajua anayefukuza wateja ni tangazo au ukurasa?

“Nauza mafuta ya alizeti hapa Majengo, Dodoma. Nimelipia matangazo mawili mtandaoni, watu 400 wamebofya, walioagiza ni 4 tu. Kosa ni la tangazo au la ukurasa wangu?”

Usiwachanganye hao 400 kwenye kapu moja. Watenganishe kwanza kwa tangazo walilotokea, kisha uwahesabu mara mbili: wangapi waligeuka mlangoni, yaani waliufungua ukurasa wakaondoka papo hapo, na kati ya waliobofya, wangapi waliagiza.

Tuseme kila tangazo limeleta watu 200 kwenye ukurasa uleule. La kwanza linasema “Mafuta safi, bei ya kiwandani”, basi. La pili linasema “Dumu la lita 20, tunakuletea Kisasa, Area C na Ipagala”. Wa kwanza wamegeuka 170, yaani asilimia 85, akaagiza mmoja. Wa pili wamegeuka 70, asilimia 35, wakaagiza watatu.

Ukurasa ni mmoja, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio uliowatenganisha hivyo. Tangazo la kwanza limekuletea hata mtu wa Mwanza, ambaye akiona unapeleka Dodoma pekee anaondoka zake. Hilo ni kosa la tangazo. Kama matangazo yote mawili yangefukuza asilimia 85, ningeanza kuushuku ukurasa. Ningelinganisha Link clicks na Landing page views kwenye Ads Manager ya Facebook: wakibofya 200 na ukurasa ukafunguka kwa 120 tu, huenda wengi wamechoka kuusubiri ufunguke.

Ila usishangilie tangazo la pili bado. Watu 130 walibaki, wakasoma, na waliochukua dumu ni watatu. Hawa walikuja wakijua wanachokitaka, kwa hiyo kilichowazuia kimo ndani ya ukurasa. Ufungue kwa simu yako kama mteja. Mara nyingi utakuta bei imefichwa chini kabisa, au gharama ya bodaboda inatajwa mwishoni baada ya mtu kujaza jina na namba.

Kuna mtego mmoja unaowapata sana wauzaji wetu. Google Analytics humhesabu mtu kwenye Bounce rate, yaani kiwango cha waliogeuka mlangoni, akikaa chini ya sekunde 10, asifungue ukurasa wa pili, wala asifanye tendo uliloliandikisha kuwa muhimu. Sasa mteja anayeingia, akabonyeza kitufe cha WhatsApp sekunde ya 6 na kukuagiza dumu mbili, ripoti inasema amekukimbia! Kiandikishe kitufe hicho kama Key event kabla hujalaumu chochote. Wanaopiga simu moja kwa moja waulize wameliona wapi tangazo, uandike daftarini.

Oda tatu dhidi ya moja ni chache mno kuamua tangazo lipi linauza zaidi. Lakini 170 dhidi ya 70 kati ya 200 si bahati. Lile la kwanza lizime leo, au litajie Dodoma na uliwekee mpaka wa eneo.